Kubadilisha janti kwenye picha ya gari bila gurudumu kuelea: mwongozo kamili

Nimeona kazi nyingi za vijana wetu hapa Lubumbashi wanaotengeneza picha za mfano kwa ajili ya wauza janti. Mteja anataka kuona gari lake litakavyokuwa kabla hajatoa dola. Kijana anachukua picha ya gari, anabandika janti mpya juu ya ile ya zamani, anatuma. Mteja anatazama, anakunja uso, lakini hawezi kueleza kasoro iko wapi.

Kasoro karibu kila mara ni zilezile tatu. Duara la janti halilingani na pembe ya gari. Janti inaakisi mahali ambapo gari halipo. Na kile kivuli cha bodi kilichokuwa kimelala juu ya gurudumu kimefutwa pamoja na janti ya zamani.

Nitaonyesha kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: Toyota Corolla ya kijivu iliyoegeshwa Katuba kwenye udongo mwekundu, saa tisa alasiri, mwezi wa saba. Pua ya gari inatazama kushoto mwa picha, na jua linatoka kulia. Ilikuwa na tairi 195/65 R15. Mwenye gari alitaka janti za inchi 17 zenye mikono mitano, na tairi 205/50 R17.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta yenye GIMP. Ni ya bure na haihitaji intaneti ikishawekwa. Betri iwe imejaa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hii utalia.
- Picha ya gari yenyewe, ya ukubwa wake kamili. Kama mteja anaituma kwa WhatsApp, mwambie aitume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha ya kawaida hupunguzwa, na kingo za janti huwa za ukungu.
- Picha ya janti mpya, uliyoipiga mwenyewe kama inawezekana.
- Namba zilizoandikwa kwenye shavu la tairi la zamani, na zile za tairi jipya.
- Futi ya kupimia, angalau ya mita 6, na chaki.

Hesabu pia nati za gurudumu. Gari likiwa na nati tano, janti ya picha iwe na matundu matano. Fundi yeyote wa gereji ataliona kosa hilo kabla hajaona kingine chochote.

## Hatua ya 1: Piga picha ya gari ukiwa umechuchumaa

Usukani uwe umenyooka. Tairi la mbele likikatwa pembeni, magurudumu mawili yatakuwa na pembe mbili tofauti kabisa na kazi itakuwa mara mbili.

Simama mbali, kama mita 6, halafu vuta picha kwa zumu ya mara 2. Ukisogea karibu bila zumu, gurudumu lililo karibu na wewe linavimba, na hakuna janti utakayoibandika ikakaa sawa.

Chuchumaa mpaka lensi iwe kama sentimita 60 kutoka chini. Kuna sababu. Gurudumu likitazamwa kwa pembe huonekana kama yai, na upande mwembamba wa yai hilo hufuata mwelekeo wa ekseli. Ukiwa chini, ekseli inaonekana karibu imelala sawa, kwa hiyo yai linasimama wima. Ukipiga umesimama, yai linainama kidogo, na mwinamo huo mdogo ndio unaowashinda wengi.

Saa nayo ina maana. Mwezi wa kumi jua la Lubumbashi linapita karibu kabisa juu ya kichwa. Ukipiga saa sita mchana, gurudumu lote linazama kwenye giza la madigadi na hupati mwanga wa kufanyia kazi. Asubuhi kabla ya saa tatu, au alasiri kuanzia saa tisa, ni salama.

## Hatua ya 2: Piga picha ya janti kwa pembe ileile, juu ya udongo uleule

Hapa ndipo kazi inapookolewa au kuharibika, na watu wengi wanapapita haraka. Wanachukua picha ya janti iliyopigwa uso kwa uso, wanaibana kwa upana, wanadhani wamemaliza.

Janti si sahani. Ina kina. Ukiitazama kutoka pembeni, katikati yake panahama, mikono inafunikana kidogo, na unaona ukuta wa ndani upande mmoja tu. Picha iliyopigwa uso kwa uso haina habari hizo, na kuibana hakuziongezi.

Pima kwanza pembe ya gari. Fungua picha ndani ya GIMP, chukua kipimio (`Shift+M`), pima urefu wa janti ya mbele kutoka juu hadi chini, kisha upana wake. Kwenye Corolla yetu nilipata urefu wa pikseli 410 na upana wa pikseli 355. Gawa 355 kwa 410: unapata 0.87. Uwiano huo ni wa pembe ya nyuzi 30.

Kwa wale wasiopenda hesabu: 1 maana yake umesimama uso kwa uso na gurudumu, 0.87 ni nyuzi 30, na 0.71 ni nyuzi 45. Ukishuka chini ya 0.7, omba picha nyingine ya gari. Mikono ya janti inakuwa imebanana kiasi kwamba mteja haoni anachonunua.

Sasa itoe janti nje. Isimamishe wima juu ya udongo mwekundu, iegemezwe kwa nyuma na tofali lisiloonekana. Kutoka katikati ya janti pima mita 5.2 kwenda mbele yake, moja kwa moja, weka alama ya chaki au jiwe. Kutoka hapo pima mita 3 kwenda upande ambao pua ya gari ingekuwa. Kwenye kazi yetu ni kushoto. Ukisimama hapo uko nyuzi 30 na umbali wa mita 6, sawa na ulivyosimama kwa gari. Chuchumaa vilevile, zumu vilevile, na jua likutokee upande uleule.

Kwa nini nasisitiza udongo? Nilijifunza kwa aibu. Kazi yangu mojawapo ya kwanza nilipiga janti ya kromu ndani ya duka, sakafu ya vigae vyeupe, turubai la bluu juu. Nilikata kingo zote kwa uangalifu wa siku nzima. Mzee mwenye gari alitazama skrini muda mfupi akasema, "Mwanangu, hii janti haiko kwa mutuka yangu. Iko kwa nyumba ya mtu." Alikuwa na haki. Ukingo wa juu ulikuwa mweupe wa vigae, na ule wa chini ulikuwa na utepe wa bluu wa turubai. Gari lake lilikuwa kwenye vumbi jekundu la komini ya Kenya hapa mjini, chini ya anga kavu.

Kabla hujaondoka, izungushe janti kidogo, kama upana wa vidole vinne, piga tena. Halafu mara ya tatu. Faida yake utaiona tukifika gurudumu la nyuma.

## Hatua ya 3: Tafuta ukubwa wa janti mpya kwa hesabu, si kwa macho

Wengi wanapima tairi lote kisha wanakadiria. Usipime tairi. Limelaliwa na uzito wa gari, chini limebonyea, na kipimo chake cha wima si cha kweli. Pima janti, kwa sababu chuma hakibonyei.

Inchi 15 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa, si cha ukingo unaouona. Ukingo wa kawaida wa janti za magari madogo huongeza milimita 17.5 kila upande. Kwa hiyo janti ya 15 inaonekana kuwa na milimita 416, na ya 17 milimita 467. Gawa 467 kwa 416 na utapata 1.12.

Hicho ndicho kipimo pekee unachohitaji. Zidisha urefu na upana wa janti ya zamani kwa 1.12. Kwa gurudumu la mbele: 410 inakuwa 459, na 355 inakuwa 398.

Tairi lenyewe halikui. Kipenyo cha 195/65 R15 ni milimita 634.5, na cha 205/50 R17 ni milimita 636.8. Tofauti ni milimita 2 na kitu, haionekani kwenye picha. Kwa hiyo ukingo wa nje wa tairi la zamani, sehemu inayokanyaga chini, na kivuli chake vyote vinabaki kama vilivyo. Tunachobadilisha ni janti na shavu la tairi, ambalo sasa linakuwa jembamba.

Onyo: njia hii ni ya tairi lenye kipenyo kile kile. Mteja akitaka matairi makubwa ya porini, gari lote linapanda juu na kivuli chake kinabadilika. Hiyo ni kazi nyingine kabisa.

## Hatua ya 4: Ondoa janti ya zamani

Nakili tabaka la gari (`Layer > Duplicate Layer`) na usiguse la chini hata kidogo. Utalihitaji baadaye kuangalia kivuli kilikuwa wapi.

Kwa kifaa cha yai (`E`), zungushia janti ya zamani hadi nje kidogo ya ukingo wake. Kabla ya kupaka kitu, chukua rangi (`O`) kutoka sehemu nyeusi kuliko zote kati ya mikono ya janti ya zamani. Kwenye Corolla ilikuwa karibu 28 kwa kipimo cha 0 hadi 255. Iandike mahali. Hiyo ndiyo giza la mwisho la picha hii, na hakuna kitu utakachoongeza kinachoruhusiwa kuwa cheusi zaidi yake.

Paka rangi hiyo kwenye tabaka jipya ndani ya yai. Sasa gurudumu lina shimo jeusi. Ukitazama kwa mbali na shimo linaonekana kama sehemu ya gari, umefanya sawa. Likionekana kama wino uliomwagika, umetumia nyeusi kamili.

## Hatua ya 5: Kata janti mpya

Tumia njia za mistari (`B`), si kifutio. Zunguka ukingo wa nje kwanza, kisha kila nafasi kati ya mikono. Janti ya mikono mitano ina nafasi tano, na ukifanya polepole ni kazi ya saa moja.

Geuza njia kuwa uteuzi, ukaze ndani kwa pikseli 1 (`Select > Shrink`), ulainishe kwa pikseli 1 (`Select > Feather`), kisha utumie `Add Layer Mask` ukichagua `Selection`. Kukaza ndani kunaondoa ule uzi mwembamba wa rangi ya mahali ulipopigia picha, ambao hung'ang'ania pembeni na kuonekana kama mshono.

Usitupe sehemu ya ndani unayoiona kati ya mikono upande wa kulia. Huo ni ukuta wa tumbo la janti, tutauhitaji.

## Hatua ya 6: Iweke mahali pake

Chukua `Unified Transform` (`Shift+T`). Shusha `Opacity` ya tabaka hadi asilimia 50 ili uone cha chini. Fanya urefu 459 na upana 398, kisha weka katikati ya yai jipya pale katikati ya yai la zamani ilipokuwa.

Angalia neno nililotumia: katikati ya yai, si kifuniko cha katikati. Ni vitu viwili tofauti. Kifuniko kimezama ndani kuliko ukingo, na kwa picha iliyopigwa kutoka mbele, kila kilichozama kinahama kuelekea pua ya gari. Kwenye janti hii kifuniko kilikuwa kimezama milimita 40. Kwa nyuzi 30 kinahama nusu ya kina hicho, yaani milimita 20, na kwenye picha yetu hiyo ni karibu pikseli 20 kwenda kushoto.

Ukiona kifuniko kiko katikati kabisa ya yai, janti itaonekana bapa kama kibandiko, hata kama kila kitu kingine kiko sawa. Ukiona kimehamia kulia, kuelekea nyuma ya gari, umetumia picha ya janti iliyopigwa kutoka upande mbaya. Usijaribu kuigeuza kwa `Flip` bila kuangalia jua: ukigeuza, mwanga nao unageuka.

Na usiizungushe. Watu huizungusha ili mkono mmoja utazame juu vizuri. Mwanga uliokuwa juu unazunguka nao, na jicho linagundua mara moja kwamba jua liko ubavuni mwa gari.

## Hatua ya 7: Rudisha kina

Kwa kuwa unatazama kutoka mbele, ukuta wa ndani wa janti unaonekana upande wa nyuma ya gari, yaani kulia kwenye picha yetu. Upande wa kushoto umefichwa na ukingo. Sehemu ya tairi inayokanyaga barabara ni kinyume chake: inaonekana kushoto. Vitu hivi viwili vinakwenda pamoja. Kama ukuta wa ndani uko upande uleule na sehemu hiyo ya tairi, gurudumu litaonekana limepinduliwa.

Ukuta huo unatazama kushoto, na jua letu liko kulia, kwa hiyo unakaa gizani. Ushushe kwa `Colors > Curves` mpaka uwe juu kidogo tu ya ile 28 yetu.

Diski ya breki unaweza kuichukua kutoka janti ya zamani, kwenye lile tabaka usiloligusa. Iweke nyuma ya mikono mipya. Janti za 17 zina nafasi pana, na mteja akiona weusi mtupu badala ya breki atahisi gari limesimamishwa juu ya mawe.

## Hatua ya 8: Udongo mwekundu lazima uonekane ndani ya janti

Kama ulipiga janti kwenye udongo uleule, hatua hii ni fupi. Kama mwenye duka alikutumia picha ya dukani, hapa utakaa.

Tazama janti iliyobonyea kuelekea ndani, kama sahani ya wali. Mikono ya chini imeinama kutazama juu, basi inaakisi anga. Mikono ya juu imeinama kutazama chini, basi inaakisi udongo. Wengi hupaka wekundu chini kwa sababu udongo uko chini. Kwa janti iliyobonyea ni kinyume: wekundu unakaa juu, mng'ao wa anga unakaa chini. Kwa janti iliyovimba nje, kama vile vifuniko vya plastiki, ndipo wekundu unapokaa chini.

Kama huamini, chukua kijiko. Kishike wima upande wa shimo ukutazame, simama nje, uone anga iko wapi.

Kwanza ondoa rangi za dukani. Kwenye tabaka la janti punguza rangi kwa `Colors > Saturation` hadi chini ya nusu, ili bluu ya turubai na kijani cha taa zife. Kisha chukua rangi ya udongo kutoka picha ya gari, mita moja hivi mbele ya gurudumu, mahali penye jua. Kwenye kazi yangu ilikuwa `#9a5a3c`.

Bonyeza tabaka la janti, chagua `Layer > Mask > Mask to Selection`, tengeneza tabaka jipya juu yake lenye `Mode` ya `Soft light`. Kwa brashi laini na kubwa, paka rangi hiyo kwenye nyuso zinazotazama chini: mikono ya juu na ukingo wa ndani wa juu. Kwa janti ya kijivu ya kupakwa rangi, `Opacity` ya asilimia 20 inatosha. Kwa kromu nenda hadi 45. Kwa nyeusi isiyong'aa acha kabisa, gusa kingo tu.

Ukifaulu, huoni wekundu. Unaona tu kwamba janti iko hapo. Jaribu kuzima na kuwasha tabaka hilo: likizimwa janti iwe kama imeingia baridi.

Ndugu zetu wa Goma, kwenu ardhi ni jiwe jeusi la volkano. Chukueni rangi palepale chini ya gari. Nyuso zinazotazama chini zitakuwa nyeusi zaidi kuliko zetu, na mpaka kati ya anga na ardhi utakuwa mkali.

## Hatua ya 9: Rudisha kivuli cha madigadi

Zima matabaka yote mapya, tazama picha ya asili. Kivuli cha bodi kinaanguka juu ya tairi kama upinde, chenye ukingo unaoonekana. Kwenye Corolla upinde huo uliishia juu kidogo ya janti ya zamani, kwa hiyo janti hiyo haikuwa na kivuli hata kidogo.

Lakini janti mpya ni ndefu kwa karibu pikseli 50, na nusu ya hizo, 25, zimepanda juu. Sehemu hiyo ya juu imeingia ndani ya kivuli. Ukiiacha inang'aa, mteja ataona janti imetoka nje ya gari.

Fuata upinde wa asili kwa `B`, geuza kuwa uteuzi, lainisha kwa pikseli 2 tu. Kivuli cha jua kilicho karibu na kitu kinachokileta huwa na ukingo mkali. Ukilainisha kwa pikseli 20 umetengeneza kivuli cha siku ya mawingu. Kwenye tabaka la `Multiply` jaza rangi iliyochukuliwa kutoka kivuli chenyewe, si nyeusi. Huku kwetu kivuli cha kiangazi kina kahawia ndani yake kwa sababu ya vumbi. Ongeza `Opacity` polepole mpaka kivuli juu ya janti na kivuli juu ya tairi viwe upinde mmoja usiokatika.

Kuna kivuli kingine chembamba: pale ukingo wa janti unapokutana na mpira. Ni mstari mweusi wa pikseli 2 au 3, mnene zaidi upande ulio mbali na jua. Bila huo, janti inaelea juu ya tairi.

Chini, pale tairi linapokanyaga, usiguse. Ule ufa mweusi kati ya mpira na udongo ni wa asili, na hakuna brashi itakayouchora vizuri kuliko ulivyo.

## Hatua ya 10: Shavu la tairi

Shavu la zamani lilikuwa na milimita 127, jipya lina 102. Janti mpya imefunika sehemu ya ndani, na mara nyingi imekata maandishi ya tairi katikati. Herufi nusu zinaonekana vibaya sana. Zifute kwa `Clone`, ukichukua mpira kutoka palepale, kidogo kidogo ukizunguka. Ukichukua mpira wa chini ukauweka juu, utaleta mwanga wa chini mahali pa kivuli.

## Hatua ya 11: Gurudumu la nyuma

Usinakili la mbele ukalipunguza. Gurudumu la nyuma liko mbali na linatazamwa kwa pembe kubwa kidogo. Kwenye picha yetu janti yake ilikuwa 352 kwa 296, uwiano wa 0.84 badala ya 0.87. Zidisha kwa 1.12: unapata 394 kwa 332.

Tumia ile picha ya pili ya janti uliyoizungusha kwa vidole vinne. Magurudumu mawili ya gari halisi hayasimami na mikono ikitazama mahali pamoja. Yakifanana mno, mteja anajua ni picha moja mara mbili.

Kisha rudia hatua ya 4 hadi ya 10. Ni fupi sasa, kwa sababu rangi zote umeshaziandika.

## Hatua ya 12: Linganisha ukungu na chembe, kisha kagua

Kuza hadi asilimia 200. Linganisha ukingo wa janti na ukingo wa mlango au wa madigadi. Ukingo wa janti ukiwa mkali kuliko wa mlango, weka `Filters > Blur > Gaussian Blur` ya 0.6 hadi 1. Picha ya simu ina chembe ndogo kwenye sehemu za giza. Zikikosekana kwenye janti, ongeza kidogo kwa `Filters > Noise > RGB Noise`.

Halafu punguza picha hadi iwe kama kiganja na uitazame kwa simu, nje, juani, kama mteja atakavyoitazama. Jicho lako likienda kwanza kwenye gurudumu kabla ya gari, kuna kitu bado kinang'aa mno. Mara tisa kwa kumi ni ukingo wa juu, kile kivuli cha madigadi.

Hifadhi kazi kama XCF, kisha `File > Export As` JPG ya ubora wa 90. Tuma mbili pamoja, ya zamani na mpya, za ukubwa uleule. Kwenye jina la faili andika vipimo vya janti na tairi ulivyotumia kwenye hesabu, kwa mfano:

```
corolla_R17_205-50_mfano.jpg
```

Mweleze mteja kwa maneno yasiyo na shaka kwamba picha inaonyesha sura tu. Haionyeshi kama janti itagusa breki au madigadi. Hilo linategemea upana wake, umbali wa matundu ya nati na namba ya ET, yaani kiasi janti inavyokaa ndani au nje, iliyochongwa nyuma ya mkono, na ni fundi mwenye futi atakayelithibitisha. Mwenye Corolla alikuza gurudumu la nyuma kwa vidole viwili, akahesabu nati kwa sauti mpaka tano, kisha akauliza bei ya matairi.